Mwezi Mbaya wa Senje

Mteja wangu alitaka kadi 10. Ni ukurasa wa mtandaoni unaoandika kuhusu kazi na pesa, na mwaka jana waliamua kutoa mfululizo wa watu waliobadilisha kazi wakiwa na miaka arobaini na kuendelea. Kila mtu apewe karuseli yake, yaani zile picha zenye maneno unazotelezesha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Kadi ya kwanza imkamate msomaji. Ya pili iseme huyu ni nani. Ya tatu na ya nne ziwe za mashaka, ya tano hadi ya nane za pale mambo yalipogeuka, ya tisa funzo moja tu, na ya kumi imwombe msomaji amtumie rafiki. Kila kadi isizidi maneno 30, maana wengi wanasomea kwenye matatu. Malipo: shilingi 3,500.

Nilimjua mtu wa kuandika. Dada ya baba yangu, tunayemwita Senje, alifundisha shule za msingi za watu binafsi kwa miaka 17. Leo ana kibanda cha kushonea hapa Amalemba, mabati pande tatu na mbele wazi, na cherehani mbili. Nilidhani ningemaliza kazi hiyo kwa jioni moja. Nilishaijua hadithi, familia nzima inaijua: korona ilifunga shule, Senje akashona barakoa, barakoa zikamfungulia maisha mapya. Kadi 10, kwisha.

Nikaandika hivyo na nikampelekea asome kabla sijamtumia mteja. Ilikuwa saa tisa, mvua ya Kakamega ikianza kugonga mabati, kwa hivyo tuliongea kwa kupaza sauti. Akachukua kalamu nyekundu, ambayo bado anakaa nayo kana kwamba kuna vitabu vya kusahihisha, akasoma kwenye simu yangu na kuandika pembeni kwenye karatasi ya drafti. Alipomaliza alinirudishia simu.

"Hii ni insha nzuri," akasema. "Lakini si mimi. Kwani nani alikwambia barakoa zilinitoa shuleni?"

"Si wewe husema hivyo kila Krismasi, Senje?"

"Hiyo ni hadithi ya Krismasi. Kaa hapo."

Akainama chini ya meza ya kukatia, akatoa daftari kubwa la jalada gumu, lile la kuandikia mahudhurio ya wanafunzi. Mistari iliyokusudiwa majina ya watoto alikuwa ameijaza tarehe, bei na majina ya wateja. Chini ya kila mwezi kulikuwa na neno moja, "BAKI", na tarakimu iliyozungushiwa duara jekundu.

Baki ni pesa iliyosalia baada ya kitambaa, uzi, zipu, umeme na kodi ya kibanda. Si pesa iliyoingia. Alinirudia hilo mara mbili, kwa sauti ya mwalimu anayejua nani darasani hajaelewa.

Tuanze na barakoa, kwa sababu hazikuwa uongo. Shule zilifungwa kwa tangazo la tarehe 15 Machi 2020. Shule aliyokuwa akifundisha ilimlipa nusu mshahara mwezi huo, kisha kimya. Mshahara wenyewe ulikuwa 14,000. Aprili serikali ikaamuru watu wavae barakoa hadharani, na Senje akaitoa cherehani ya kukhu, Singer ya kuzungusha kwa mkono, iliyokuwa imefunikwa kwa kitambaa cha mezani tangu mazishi. Wiki ya kwanza aliuza barakoa 46 kwa shilingi 50 kila moja. Hiyo ni 2,300, na vitambaa vilikuwa mabaki ya vitenge kutoka kwa majirani, kwa hivyo karibu zote zilikuwa baki.

Lakini kila mwenye cherehani alikuwa anashona barakoa. Kufikia Julai bei ilikuwa imeshuka hadi 20, halafu zikajaa zile za kuvaa mara moja na kutupa, na watu wakaacha kununua za kitambaa. Kwenye daftari, baki ya Agosti 2020 ni 640. Duara jekundu limezungushwa mara mbili, kwa hasira nadhani.

"Ungeandika hiyo," akasema. "Kwamba kitu kilichonifungulia mlango kilikufa ndani ya miezi minne."

Kilichobaki ni kwamba mkono wake ulikuwa umekumbuka kushona, na watu walikuwa wameshajua ana cherehani. Shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021 aliitwa kazini, akaenda. Hakusita hata siku moja. Alikuwa na kijana wa kulisha na kodi ya nyumba ya 4,000. Alichofanya ni kununua cherehani ya miguu ya mtumba, kukodi kibanda, na kushona jioni na Jumamosi. Na aliamua kushona sare za shule tu, kwa sababu aliwajua wazazi na aliwajua watoto.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo lilikaribia kumrudisha kwenye chaki moja kwa moja. Mtu mmoja aliagiza sketi tisa za marinda. Marinda yanayofuatana bila nafasi hula kitambaa mara tatu ya kiuno, kwa sababu kila rinda ni tabaka tatu: la juu, la kukunjwa ndani, na la kurudi. Kiuno cha inchi 24 kinataka inchi 72, na juu yake ya mishono. Kitambaa cha sare alichonunua kina upana wa inchi 60. Fundi mzoefu hukata vipande viwili na kuviunga, mshono ukafichwa ndani ya rinda. Senje hakutaka kuunga, aliona ni upotevu. Akatumia upana mmoja na kuyapunguza marinda kina ili yatoshee.

Mezani sketi zilionekana sawa. Mtoto akikaa, marinda yanafunguka kama mwavuli na hayarudi. Zilirudishwa zote tisa. Akanunua kitambaa kingine, akazishona upya bila malipo, na baki ya mwezi huo ina alama ya kutoa mbele yake. Nilimwuliza kama alilia. Akasema hakulia, ila alikaa wiki mbili bila kufungua kibanda, na darasani alijisikia salama kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Hapo ndipo shaka ilipokuwa," akaniambia. "Si kwamba sitapata pesa. Ni kwamba hapa nimekuwa mwalimu, na kule ni mwanafunzi mwenye miaka 43. Msichana wa miaka 20 pale karibu na steji alikuwa anajua hesabu ya marinda kuniliko. Nilikuwa natembea hadi kwake kumwuliza, na ninamwita mwalimu."

Baadaye alienda kufanya mtihani wa NITA wa ushonaji, Gredi ya III, ambao ni ngazi ya kwanza kwa fundi anayetaka cheti. Si kwa sababu wateja wanauliza cheti. Alitaka mtu mwingine aangalie mishono yake na kumwambia imefika.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

Unakumbuka kalenda ya shule baada ya korona? Ili kufidia muda uliopotea, mwaka wa masomo wa 2021 ulianza tarehe 26 Julai 2021. Wa 2022 ukaanza tarehe 25 Aprili. Wa 2023 ukarudi kwenye Januari, tarehe 23. Kwa mzazi, hiyo ilikuwa karo juu ya karo. Kwa fundi wa sare ilikuwa kitu kingine: ule msimu wa kufungua mwaka, ambao kwa kawaida ni mmoja, ulikuja mara tatu ndani ya miezi 18.

Senje alinionyesha kurasa hizo. Julai 2021, baki 15,200. Agosti, 12,400. Aprili 2022, baki 21,300, na hapo alikuwa bado anafundisha mchana. Ilikuwa mara ya kwanza kibanda kushinda mshahara kwa mbali hivyo. Sketi moja alikuwa akiiuza 750. Kitambaa kilimgharimu kama 340, zipu na uzi na kifungo 50, akabakiwa na 360 kabla ya kodi na umeme. Akapiga hesabu akitumia miezi 12 ya mwisho na kupata wastani wa elfu nane na kitu kwa mwezi. Akajiambia kwamba hizo ni za jioni na Jumamosi tu, na kwamba akishona kutwa zitakuwa mara mbili. Elfu kumi na sita, zaidi ya mshahara.

Aliandika barua ya kuacha kazi. Aliiandika kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari, na akaiweka ndani ya daftari hili ili aipeleke shuleni mwisho wa muhula.

Bado imo. Niliiona. Tarehe ni 16 Mei 2022.

"Hukuipeleka?"

"Juni ilinikataza."

Baki ya Juni 2022 ni shilingi 3,150. Hakuugua, kibanda hakikufungwa, hakuna kilichoharibika. Juni ni Juni tu. Kila mtoto ana sare yake, hakuna mtu anayenunua sketi ya pili. Na jambo lililomshtua zaidi ni kwamba mwezi huo alikuwa na jioni nyingi tupu. Alikaa kwenye kibanda akisikiliza redio. Kama angekuwa hapo tangu asubuhi, angesikiliza redio kutwa. Ule wastani ulichukulia kwamba kinachompungukia ni saa za kushona, ilhali kilichompungukia ni watu wa kushonewa. Tena wastani wenyewe ulikuwa umebeba misimu miwili ya kufungua mwaka ndani ya miezi 12. Kalenda ikirudi kawaida, mmoja ungeondoka.

Kwa hivyo alifungua ukurasa mpya na kuandika kitu kama mtihani. Kodi ya nyumba 4,000. Chakula na makaa 5,500. NHIF, kama mtu anayejilipia mwenyewe, 500. Jumla 10,000. Karo ya kijana hakuiweka humo. Karo, akaamua, italipwa na miezi mizuri, na pesa ya miezi mizuri isiguswe kwa unga. Halafu chini akaandika swali moja: mwezi mbaya kuliko yote unatoa ngapi? Jibu lilikuwa 3,150. Barua ikabaki ndani ya daftari.

Kazi ya mwaka mmoja na nusu uliofuata haikuwa kuongeza Januari. Ilikuwa kuinua Juni. Alinieleza alichofanya bila madoido, na mengi yake hayapendezi kwenye kadi.

Kwanza, alianza kupokea marekebisho, kazi ambayo mwanzoni aliidharau. Kupunguza suruali ya mtumba, kubadilisha zipu, kukaza kiuno, kushusha pindo la sketi ya mtoto aliyerefuka. Ni shilingi 50, 100, 150. Lakini mitumba inauzwa kila wiki ya mwaka, na marekebisho hayahitaji kununua kitambaa, kwa hivyo karibu yote ni baki.

Pili, aliwapa wazazi kadi za kulipa mdogo mdogo kuanzia Septemba, ili sare ya Januari iwe imelipiwa nusu kabla ya Krismasi. Hii ina hatari yake, na Senje aliionja: pesa hiyo inaonekana kama baki na si baki, ni deni la kitambaa. Mwaka wa kwanza alikula kiasi chake, na Januari ikamlazimu kukopa anunue kitambaa. Sasa anaiweka kwenye laini nyingine ya M-Pesa, ambayo simu yake inakaa nyumbani.

Tatu, ndilo lililomfanya acheke akinisimulia. Wasichana wawili walimwomba awafundishe kushona, akawatoza 2,000 kila mmoja kwa mwezi, Jumamosi na likizo. Alikuwa anakimbia kufundisha, na kufundisha kukamfuata kibandani. Anaanza na hesabu ya marinda. Kila mwanafunzi anakunja karatasi ya gazeti mpaka aone mwenyewe zile tabaka tatu, kabla hajagusa mkasi.

Mwaka wa 2023 ulikuwa wa kwanza kuwa na Januari moja tu, kama miaka ya zamani. Senje anauita mwaka wa ukweli. Mwezi mbaya kuliko yote ulikuwa Oktoba. Baki: 10,650.

Imezidi mtihani wake kwa shilingi 650. Na ni chini ya mshahara wa shule kwa zaidi ya elfu tatu. Alimaliza mwaka wa shule mwezi Novemba, akatoa notisi, akaondoka akiwa na miaka 45. Hakuipeleka ile barua ya Mei 2022, aliandika nyingine fupi zaidi.

"Na shaka iliisha?" nikauliza. Mvua ilikuwa imepungua na bodaboda zilianza kupita tena.

"Iishe iende wapi? Mgongo unauma. Nikiugua wiki mbili, hakuna mtu wa kunishikia darasa. Na kuna siku mama fulani ananiambia 'fundi, harakisha', na mimi nilimfundisha yeye mwenyewe kusoma." Akanyamaza kidogo. "Lakini sijawahi kufika Juni nikiwa na hofu. Najua Juni itanipa ngapi. Shuleni sikujua hata Machi ingenipa ngapi."

Niliandika karuseli upya usiku huo. Kadi ya kwanza ilikuwa: "Aliandika barua ya kuacha kazi. Akaificha miezi 18." Mteja akajibu asubuhi. Alipenda barua, hakupenda mwendo. Akauliza kama tunaweza kuweka siku moja, tukio moja, kitu ambacho msomaji atakiona. Barakoa, kwa mfano. Akasema watu hawatelezeshi kidole kwa ajili ya marekebisho ya mitumba.

Namwelewa. Kadi 10 zinataka mlango mmoja ambao mtu aliupita akawa mwingine. Lakini nilifikiria mwanamke wa miaka 42 mahali fulani, ameshika simu baada ya mwezi mzuri, akisoma kwamba Senje aliamka siku moja akathubutu. Angepeleka barua yake Mei. Nikamwandikia mteja kwamba barakoa zitakaa kwenye kadi ya tano pamoja na ile 640 ya Agosti, na kwamba kadi ya saba na ya nane ni tarakimu mbili tu, kubwa, kila moja kwenye kadi yake: 3,150 na 10,650. Kama hilo haliwezekani, basi anilipe nusu na achukue hadithi nyingine. Nilikaa siku mbili bila jibu, na nakiri kwamba zilikuwa siku ndefu, kwa sababu hiyo 3,500 ilikuwa kodi.

Alikubali, na akabadilisha rangi tu. Senje naye alikuwa na masharti yake: jina lisiwepo, sura isiwepo, barua isipigwe picha. Tulipiga picha ya mikono yake ikikunja gazeti.

Kadi ya tisa tuliiandika pamoja, mimi nikitaka kupamba na yeye akifuta kwa kalamu nyekundu, mpaka ikabaki hivi: "Usipime kazi mpya kwa mwezi wake mzuri wala kwa wastani. Tafuta mwezi wake mbaya kuliko yote, mwaka mzima. Ukiweza kuishi kwa huo, ondoka." Ni maneno 23. Alihesabu.

Kisha akaniuliza mwezi wangu mbaya ni upi. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, baada ya mwezi mmoja ambao wateja wawili walinilipa kwa mpigo, na nilidhani hiyo ndiyo kazi ya kuandika inavyolipa. Nikamwambia sijui. Akatoa daftari jingine la mahudhurio, jipya, lililobaki kutoka siku za shule, akanipa. Nimeanza kurudi nyuma kwenye ujumbe wa M-Pesa, mwezi baada ya mwezi. Nimefika Februari. Hadi sasa mbaya zaidi ni Agosti, baki 1,800, na nimeizungushia duara.